Oda ya vipande elfu moja na mia mbili

Jana jioni mwanangu alikuwa na zoezi la hesabu la faida na hasara. Akasoma kwa sauti, "Bei ya kuuza toa bei ya kununua," kisha akaniuliza, "Mama, ni hivyo tu?" Nilikuwa nakuna nazi. Nikabaki nimeshika kifuu mkononi, nikiikumbuka ile oda ya hoteli.

Ilikuwa Aprili, masika yamekolea hapa Tanga. Afisa manunuzi wa hoteli moja ya ufukweni alipiga simu: anataka sabuni zangu za nazi na mwani, vipande 1,200, vyote viwe vimefika kabla ya Juni wageni hawajaanza kumiminika. Dukani kipande nilikiuza shilingi 3,000. Yeye alitaka kwa 1,900, na malipo siku 45 baada ya kupokea mzigo.

Gharama zangu nilizijua. Mafuta ya nazi na mawese, kostiki soda, mwani, mafuta ya mchaichai, karatasi ya kufungia: jumla 1,600 kwa kipande. Kwa hiyo kila kipande kingeniachia 300, na oda nzima 360,000. Shangazi aliposikia alisema, "Mwanangu, mia tatu ya uhakika si ya kuchezea. Chukua." Na mimi nilikuwa nimeshakubali moyoni.

Usiku nikaingia chumba cha sabuni na tochi, umeme ulikuwa umekatika. Nilitaka tu kuona mzigo huo nitauweka wapi. Nina vichanja vinne, kila kimoja kinabeba vipande 300 vikipangwa kwa nafasi ili hewa ipite. Ukivibananisha, na unyevu ule wa masika, sabuni inatoa jasho, matone madogo madogo juu yake kama paji la uso la mtu mwenye homa. Kwa hiyo chumba kizima ni vipande 1,200, si zaidi, na vinakaa humo si chini ya wiki nne.

Kwenye kichanja cha chini palikuwa na sabuni za siku nne, na cha juu za wiki tano. Nikachukua moja moja nikaweka kwenye mizani. Ile kongwe ilikuwa gramu 100. Ile changa 113. Gramu 13 zile ni maji ambayo hayajaondoka. Nikaibonyeza ile changa kwa kidole gumba, ikaingia, ikabaki na alama yangu mpaka mistari ya ngozi. Kongwe haikutikisika. Nilisimama pale muda mrefu nimezishika zote mbili, kwa sababu wazo lilikuwa limeshanijia: nikipeleka za wiki mbili, nafasi itapatikana na hoteli haitajua. Haitajua siku ya kupokea. Itajua mgeni atakapoikuta imekuwa uji kwenye kisahani cha bafuni.

Ndipo nikaanza kuhesabu upya, safari hii si kwa kipande bali kwa kichanja. Wateja wangu wa kila siku walikuwa wakichukua vipande kama 400 kwa mwezi, na kila kimoja kinaniachia 1,400. Hiyo ni 560,000. Oda ingejaza vichanja vyote vinne, na mwezi mzima nisingekuwa na cha kuwauzia. Ningepata 360,000 na kupoteza 560,000. Lakini vipande 800 vingekaa kwenye nafasi iliyokuwa tupu, na 240,000 yake ingekuwa ongezeko tupu. Bado kulikuwa na mtaji: 1,200 zilihitaji 1,920,000 mfukoni, nami nilikuwa na 900,000.

Asubuhi nikampigia. Nikamwambia naweza 800 kwa bei yake ileile, nusu ya malipo mbele, na 400 zilizobaki Julai. Akasema atauliza. Kesho yake akarudi: "Dada, bosi anasema zote au basi." Nikasema basi. Sauti yangu ilitetemeka, na nadhani aliisikia.

Mwezi ule mvua iliwazuia watu. Niliuza vipande 310, faida 434,000. Bado inazidi ile ya oda, lakini si kwa pengo nililojiaminisha. Shangazi hakusema neno, ila kila tukipita pale kwenye geti la hoteli alikuwa akigeuza uso kuelekea baharini.

Haya yote nikamweleza mwanangu, naye akayaandika pembeni ya daftari kwa penseli, mistari miwili ya kutoa. Akaitazama kidogo. Kisha akauliza, "Na kama wangependa, wakawa wanaagiza kila mwaka?"

Nikamwambia hilo sijui mpaka leo. Nikarudi kwenye mbuzi, nikaendelea kukuna.