Nilivyowafundisha wanafunzi wangu kupima jitihada kwa mapigo ya moyo

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikitathmini jitihada ya wanafunzi katika mbio za mfululizo kwa kutazama nani yuko mbele na nani amebaki nyuma. Aliyekuwa nyuma nilimhimiza kwa sauti aongeze mwendo, nikiamini kwamba anategea. Nilibadili utaratibu huo baada ya kumpima mapigo msichana mmoja wa miaka 15 aliyekuwa akimaliza wa mwisho karibu kila mara. Aliposimama nilimhesabia mapigo 31 kwa sekunde 10, yaani 186 kwa dakika, ilhali mvulana aliyemtangulia kwa mzunguko mzima alikuwa na 26, yaani 156. Yule niliyekuwa nikimkaripia ndiye aliyekuwa akifanya kazi kubwa kuliko wote.

Nilianza kwa kuwafundisha kuhesabu, nikidhani kwamba kazi hiyo itakwisha katika kipindi kimoja, lakini ilichukua vipindi vitatu. Niliwaonyesha mahali pawili: kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, na shingoni kando ya koromeo. Mapigo hutafutwa kwa ncha za kidole cha shahada na cha kati, kwa sababu kidole gumba kina mapigo yake yanayoweza kumchanganya anayehesabu. Shingoni huguswa upande mmoja tu na kwa wepesi, kwa kuwa kuukandamiza mshipa huo kunaweza kuufanya moyo upunguze kasi, na pengine kumtia mtu kizunguzungu.

Mwanzoni niliwaambia wahesabu kwa dakika nzima, kama tulivyokuwa tukifanya wakiwa wamepumzika. Takwimu walizoniletea zilikuwa za chini mno: watu waliokuwa wakihema kwa nguvu waliandika 130. Ili waone sababu, niliwataka baada ya kukimbia wahesabu kwa sekunde 10 papo hapo, wahesabu tena baada ya nusu dakika, kisha mara ya tatu baada ya dakika moja. Mmoja wao alipata 29, 25 na 21. Moyo wa kijana huanza kutulia mara tu miguu inaposimama, kwa hiyo anayehesabu dakika nzima anapima mapumziko zaidi kuliko mbio. Tangu siku hiyo kanuni yetu ikawa kwamba vidole viwe vimefika shingoni ndani ya sekunde tatu baada ya filimbi, tuhesabu kwa sekunde 10 tu, na tuzidishe kwa 6.

Muda mfupi una gharama yake. Kosa la pigo moja huwa kosa la mapigo 6 kwa dakika, na kosa la kawaida kuliko yote lilikuwa la mwanzo wa hesabu. Ikiwa saa inaanzishwa sambamba na pigo, pigo hilo ni sifuri, si moja. Niliwaweka wawiliwawili, mmoja akijihesabia shingoni na mwenzake akimhesabia kwenye kifundo cha mkono, kila mmoja aandike kabla ya kusema. Tofauti ikizidi mapigo mawili, hesabu ile haikutumika. Sharti la kuandika kwanza lilisaidia zaidi ya nilivyotarajia, kwani hapo awali namba ya aliyetangulia kusema ilikuwa ikizunguka darasa zima.

Baada ya hapo ndipo nilipoleta kanda, yaani mpaka wa chini na wa juu wa mapigo ambao mwanafunzi abaki kati yake anapokimbia. Kwa mwanafunzi wa miaka 15 tulikadiria kilele cha mapigo kwa kutoa umri kutoka 220, tukapata 205. Kama mapigo yake ya pumziko ni 70, nafasi iliyopo kati ya pumziko na kilele ni 135. Asilimia 60 ya nafasi hiyo ni 81, nayo ikijumlishwa na 70 inakuwa 151. Asilimia 75 ni kama 101, na jumla yake ni 171. Hesabu hizo nilizifanya ubaoni mara moja tu, kisha nikazigeuza kuwa namba za sekunde 10, kwa sababu hakuna anayeweza kuzidisha na kujumlisha huku akihema. Kanda ya mbio za mfululizo ikawa 25 hadi 28. Chini ya 25 mwanafunzi anaweza kuongeza mwendo, na akipita 28 apunguze.

Nilikuwa nimejiandaa kumtengenezea kila mmoja kanda yake, lakini nilipojaribu kwa mwenye pumziko la 60 na mwenye pumziko la 80, mipaka ilisogea kwa pigo moja hivi, kiasi ambacho ni kidogo kuliko makosa yetu ya kuhesabu. Kwa hiyo darasa lote lilianza na kanda moja. Lenye kuyumbisha zaidi ni kile kilele chenyewe, kwa maana 220 toa umri ni makadirio, na watu wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana kwa mapigo 20 au zaidi kwa dakika. Ndiyo maana niliongeza kipimo cha maneno: aliye ndani ya kanda anapaswa kuweza kusema sentensi fupi bila kukatika. Asemaye vizuri akiwa na 29 nilimwacha aendelee, na anayeshindwa kusema akiwa na 27 nilimteremshia mpaka.

Kwa yule msichana tulifanya mbio za dakika 12, tukisimama kwa hesabu katika dakika ya 4, ya 8 na ya 12. Mara ya kwanza alipata 30, 31 na 32, akizunguka mita 400 kwa dakika 2 na sekunde 40. Nilimwomba atumie dakika 3 kwa mzunguko. Alinitazama kwa mashaka akauliza, "Mwalimu, si nitaonekana mvivu?" Siku hiyo alipata 28, 28 na 29, na kwa mara ya kwanza alimaliza bila kutembea. Baada ya wiki nane alikuwa akizunguka kwa dakika 2 na sekunde 45 akiwa na 28.

Lengo langu halikuwa wasimame kila dakika nne maisha yao yote, kwa hiyo kuanzia wiki ya tatu kila mmoja alitakiwa kubashiri namba yake kabla ya kugusa mshipa. Mwanzoni walikosea kwa mapigo manne au matano, na wengi walibashiri chini, hasa wavulana. Baadaye walio wengi walikosea kwa pigo moja au mawili, nikapunguza vituo hadi kimoja cha mwisho.

Siku za joto kali zilinipa kazi nyingine, kwa kuwa mwendo uleule uliwapa mapigo mawili zaidi kuliko siku za baridi, na yaliendelea kupanda ingawa kasi haikubadilika. Waliozoea kushikilia muda wa mzunguko walilalamika nilipowataka wafuate kanda na kuacha saa. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akitumia dawa inayopunguza kasi ya moyo hakufikia 25 hata alipokuwa amechoka kabisa. Huyo nilimwondolea namba, akawa anajipima kwa kipimo cha maneno peke yake.