Kamba mbili zilizonusuru paa langu

Stoo yangu ina mita 4 kwa 6, na nilitaka paa la mgongo wa tembo, lenye miteremko miwili. Fundi aliniambia kupaua kijengo kidogo hakuhitaji hesabu, jicho linatosha. Ushauri ule ulinila siku mbili na mbao kadhaa, na mpaka leo unaniudhi.

Kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, hazikunisumbua. Nusu ya upana ni mita 2, kimo nikakipa mita 1.5, kwa hiyo mbao ya mteremko kutoka ukutani hadi kileleni ikatoka mita 2.5 kamili. Nikaongeza nusu mita ya kutokeza nje, ikawa mita 3. Nafasi kati ya kenchi ni mita 1.2. Fundi akakata kenchi 5, maana 6 gawanya kwa 1.2 ni 5. Lakini hizo ni nafasi; kenchi huzidi moja, zinahitajika 6.

Tukasimamisha, timazi kila moja, tukapiga papi chache, mbao za kulala juu ya kenchi zinazopigiliwa bati. Nikajaribisha bati: kona tatu zikalala, ya nne ikainuka. Ukiikandamiza hiyo, nyingine inaruka. Fundi akasema misumari italivuta. Nilikataa katakata.

Jirani yangu, mzee seremala, akanionyesha jambo ambalo sitalisahau. Kwenye kona nne za upande mmoja wa paa tukasimamisha vipande vya mbao vya inchi 4, vyote kimo sawa, ili kamba zipite juu ya papi. Tukavuta kamba mbili kutoka kona hadi kona, zikakata msalaba. Kwanza tukazipima: zote mita 6.71, yaani pembe ziko mraba. Ila urefu sawa hauonyeshi kama paa limejipinda. Hilo utaliona pale kamba zinapokutana: paa likiwa bapa, zinagusana tu. Zetu ziliachana upana wa kidole. Mzee akanisisitiza nibadilishe, ya juu iwe ya chini, kwani kwa mpangilio mmoja kamba huweza kukandamizana ukadhani zimegusana vizuri.

Tukachukua mpira wa maji, tukapima usawa wa kona. Kona moja ya ukuta ilikuwa chini kwa sentimita 4! Tukainua mguu wa kenchi ya mwisho, tukapachika mbao ngumu chini yake, zile za katikati tukazifuatisha kamba iliyonyooshwa toka mwanzo hadi mwisho. Nikavuta tena zile kamba mbili za msalaba, zikagusana.

Papi zilikuwa safu 5 kila upande, ya juu kabisa karibu na kilele ili kofia ipate pa kupigiliwa. Mbao zangu za futi 12 ni kama mita 3.6, nafasi tatu za kenchi, kwa hiyo kiungo kiliangukia kenchi ya nne. Safu iliyofuata nikaanzia upande wa pili, kiungo kikaenda kenchi ya tatu. Viungo vyote vikiwa kwenye kenchi moja, paa hulegea hapo.

Bati lile lililokataa ndilo nililolipandisha la kwanza. Likalala kona zote nne, bila mtu kulikandamiza.