Video ya dada ilikuwa imelala, nikaisimamisha bila kumkata kichwa

Ushauri wa kwanza niliopewa wa kuigeuza video iliyolala isimame kwenye simu ulikuwa wa maneno matatu: “Kata katikati tu.” Aliyenipa ni rafiki yangu anayejiita mhariri, na kwa siku mbili nzima nilimwamini.

Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani. Alirekodiwa akimfundisha mwanafunzi wake kushona kola ya shati, dakika sita, kamera imetulia juu ya tripodi, picha imelala kama ya televisheni. Yeye kaketi kushoto, mwanafunzi kulia, cherehani katikati yao. Akanitumia na ujumbe mfupi: “Mdogo wangu, nisimamishie hii. Watu wangu wote wanatazama kwenye simu.”

Nikakata, nikabakiza sehemu ya katikati tu na kutupa pande zote mbili. Nilipoitazama, cherehani ilipendeza sana, ila ilikuwa inaongea yenyewe. Sauti mbili zinasikika na watu hawaonekani, isipokuwa kila dada alipoinama ncha ya pua yake ilichungulia kutoka ukingoni, halafu ikarudi. Nikampelekea hivyohivyo. Akapiga simu. “Hii video ni ya kola au ya pua yangu?”

Hapo ndipo nikakaa chini na kupiga hesabu ambayo rafiki yangu hakuwahi kuipiga. Picha ya dada ina upana wa pikseli 1920 na kimo cha 1080. Simu ikisimama inataka 9 kwa 16. Ukichukua kimo chote, dirisha unalobaki nalo lina upana wa pikseli 607 na nusu, na kwa kuwa video nyingi hukataa nusu na hata namba witiri, unaandika 608. Hiyo haifiki theluthi ya picha. Yaani zaidi ya theluthi mbili ya alichorekodi mpigapicha inatupwa, na swali si kama utakata, ni utakata nini katika sekunde ipi.

Mtu mwingine akanishauri nisikate kabisa: weka video nzima katikati ya skrini, juu na chini ujaze picha ileile iliyotiwa ukungu. Nikajaribu. Hakuna aliyekatwa, kweli, lakini video yenyewe ikawa ukanda wa kimo cha pikseli 608 kwenye skrini yenye 1920, na kola ikawa ndogo kama ukucha. Kwa mandhari pana ambayo hakuna anayechungulia kitu kidogo, njia hiyo si mbaya. Kwa somo la kushona ni sawa na kumfundisha mtu kutoka ng’ambo ya barabara.

Nikaona isiwe taabu, programu yangu ya kuhariri ina kitufe cha kufuata mtu chenyewe, nikibonyeze nikanywe chai. Niliporudi nilikuta kimefuata kitambaa. Kitambaa cheupe ndicho kilichokuwa kinasogea kuliko vitu vyote, basi dirisha likakifuata kwenda na kurudi chini ya sindano, na video ikayumba kama mtumbwi. Dada anaeleza jambo muhimu kuliko yote, namna ya kugeuza ncha ya kola bila kuitoboa, na dirisha liko kwenye kipande cha nguo kilichoanguka mezani. Kitufe hicho kinafaa pakiwa na mtu mmoja anayetembea peke yake. Pakiwa na watu wawili na mikono minne, kinachosogea sana si lazima kiwe ndicho cha kutazamwa.

Usiku huo nilifanya jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Nilizima picha, nikasikiliza sauti tu, na kwenye karatasi nikaandika kila sekunde mtazamaji angetaka kuona nini. Matokeo yalinishangaza. “Uso wa dada” ulitokea mara chache kuliko nilivyodhani. Akisema “hapa,” unataka mikono. Akisema “usivute,” unataka mikono. Mwanafunzi akiuliza, unataka uso wa mwanafunzi, na dada akicheka unataka dada.

Halafu nikagundua kitu ambacho mpaka leo najisifu nacho: madirisha matatu ya 608 yanaenea ndani ya picha ya 1920, na chenji inabaki. Kwa hiyo sikuhitaji kusogeza dirisha popote. Nilikuwa na kamera tatu bila kujua! Kamera ya dada inaanzia pikseli ya 96 kutoka kushoto, ya cherehani inaanzia 656, ya mwanafunzi inaanzia 1256. Kabla ya kuhariri nilitoa kila moja kama video nzima kwa ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa amri za maandishi, hivi:

```
ffmpeg -i somo.mp4 -vf "crop=608:1080:96:0,scale=1080:1920,setsar=1" -c:a copy dada.mp4
```

Ukibadilisha hiyo 96 na jina la faili la mwisho unapata nyingine. Nikazipanga tatu zote juu ya mstari mmoja wa muda, sauti moja, nikawa naruka kutoka moja hadi nyingine kwa kufuata karatasi yangu. Ilionekana kama kipindi kilichorekodiwa na watu watatu.

Ila nilijiharibia katikati, na hili nawaambia kwa sababu nilipoteza nalo karibu usiku mzima. Kuna mahali dada anaegemea kulia kidogo, uso unakaribia ukingo, nikaona nimfanyie dirisha lake maalumu, nikalisogeza pikseli kama 150 tu. Nilipolikata hapo, picha ikashtuka. Ukuta uleule, uso uleule, vimeruka hatua moja pembeni, kama mtu amepiga teke tripodi. Nikadhani faili imeharibika. Nikaitoa upya mara tatu. Kumbe kosa ni langu: madirisha mawili yanayoonyesha karibu kitu kilekile, ukiyaunganisha kwa kukata, jicho huona mruko. Yakionyesha vitu tofauti kabisa, jicho hudhani kamera imebadilishwa na linatulia. Tangu hapo, nikikata naenda mbali, angalau zaidi ya nusu ya upana wa dirisha. Nikihitaji pikseli 150 tu, naweka kwanza picha ya mikono katikati kwa sekunde mbili, nikirudi kwa dada dirisha limeshasogea na hakuna aliyeona. Na mkato wenyewe nauficha pale neno linapoisha au kitambaa kinapogeuzwa.

Palikuwa na sehemu moja tu ambayo kukata hakungesaidia. Dada anainuka, anapita nyuma ya meza kufuata mkasi upande wa mwanafunzi, sekunde nne. Hapo lazima dirisha litembee kutoka 96 hadi 1256. Mara ya kwanza niliweka alama za mwendo, zile almasi ndogo za kwenye programu, kila alipopiga hatua, ili kichwa chake kikae katikati muda wote. Kichwa kilikaa katikati kweli, kimetulia kama kimepigiliwa msumari, na chumba kizima kikawa kinadunda nyuma yake. Nikazifuta zote nikabakiza mbili, mwanzo na mwisho, nikaziwekea mwanzo na mwisho wa polepole. Dirisha nililichelewesha kidogo, dada aanze kutembea ndipo lenyewe lianze, halafu likampita kidogo ili mbele ya uso wake kuwe na nafasi kubwa kuliko kisogoni. Anasogeasogea ndani ya dirisha, na hiyo ndiyo raha yake, anaonekana anatembea.

Ikabaki ile sehemu ya maswali na majibu, ya haraka haraka: “Nikate hapa?” “Hapana.” “Hapa?” “Ngoja.” Kukata kila neno kungemtia mtu kizunguzungu. Nikaamua kuwaweka wote wawili, mmoja juu mmoja chini. Kila nusu ya skrini ni 1080 kwa 960, yaani 9 kwa 8. Nikagawa picha mbili pale katikati, 960 kushoto, 960 kulia, nikiwa na uhakika wa ushindi. Cherehani ikakatika vipande viwili: gurudumu liko juu kwa dada, sindano iko chini kwa mwanafunzi. Nilicheka peke yangu. Nikabana zaidi, nikachukua kisanduku cha 720 kwa 640 kuzunguka kila uso na kuiacha cherehani nje kabisa:

```
ffmpeg -i somo.mp4 -filter_complex "[0:v]split[a][b];[a]crop=720:640:40:100,scale=1080:960,setsar=1[x];[b]crop=720:640:1180:140,scale=1080:960,setsar=1[y];[x][y]vstack" -c:a copy wawili.mp4
```

Ile 100 na 140 si kosa. Mwanafunzi alikaa chini zaidi ya dada, kwa hiyo kisanduku chake nilikishusha hadi macho ya wote wawili yakawa kwenye kimo kimoja ndani ya visanduku vyao. Usipofanya hivyo mmoja anaonekana amezama. Maandishi ya maneno yao nikayaweka kwenye mshono, pale visanduku viwili vinapokutana. Sikuwa nimepanga, lakini ndipo mahali salama kuliko pote: chini kabisa ya skrini hufunikwa na jina la akaunti na maelezo, na ukingo wa kulia una vitufe vya kupenda na kutuma. Kwenye video ya kwanza nilikuwa nimeandika vipimo vya kola huko chini, na dada aliposhika simu yake alisoma jina lake mwenyewe badala ya vipimo.

Kuna kitu kimoja sikuweza kukitibu. Kipande cha 608 ukikivuta hadi 1080 unakikuza mara 1.78, na uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe ukawa na ukungu. Kunoa picha kulizidisha chembechembe tu. Visanduku vya 720 vilikuzwa mara 1.5, na tofauti niliiona wazi kwenye nyuso. Uzi wa kola, hata hivyo, umebaki hivyo hadi leo.

Kwa somo la pili, la mifuko, nilimwomba mpigapicha arekodi kwa 4K, yaani 3840 kwa 2160. Hapo dirisha la wima lina upana wa pikseli 1215, unaandika 1216, na badala ya kulikuza unalipunguza kidogo. Nikabandika pia vipande vinne vya utepe juu ya skrini ya kamera yake kuonyesha madirisha matatu yanapoanzia na kuishia, nikamwambia asiruhusu uso wowote ukae juu ya utepe. Alinung’unika kwamba haoni vizuri. Dada akamwambia, “Kaka, bora usione wewe kuliko nikatwe pua tena.”