Soma mchoro wa rilei kabla ya kushika waya
Rilei ni swichi inayovutwa na koili yenye umeme. Mchoro huionyesha ikiwa imepumzika, koili haina umeme. Ukisahau hilo, utafunga taa mguu usio wake, nayo itawaka kabla hujagusa swichi.

Chukua rilei ya gari ya volti 12 yenye miguu mitano. 85 na 86 ni koili. 30 huingiza umeme, na kistari chake kimegusa 87a. 87 iko wazi. Kwa hiyo taa ya kuwashwa na swichi hufungwa 87.

Hakikisha kwa mita iliyowekwa kwenye kipimo cha mlio: 30 na 87a zilie, 30 na 87 zinyamaze. Ipe koili volti 12, usikie "tak", upime tena. Sasa 30 na 87 ndizo zilie.

Ukiona daiodi sambamba na koili, upande wenye kistari uelekee chanya. Ukigeuza, daiodi hupitisha umeme wote na fyuzi hukatika.