Video ya harambee ya majaketi: kile kipande cha katikati kimekaa

Hatimaye kimekaa. Mwanzo wa video ulikuwa tayari siku nyingi, mwisho pia, lakini katikati kulikuwa na nusu dakika iliyonikatalia kabisa. Kila nikiigusa, ama inakuwa hotuba ya mgeni rasmi, ama inakuwa tamthilia ya kuliza watu. Leo nimeiangalia tangu mwanzo bila kutamani kusimamisha, kwa hiyo naandika kabla sijaanza kuichokonoa tena.

Kwa anayeanza hapa: ni video ya dakika 2 na nusu, itaoneshwa kwenye harambee ya kununua majaketi okozi kwa wavuvi wa dagaa wa mwalo mmoja wa huku Igombe, Mwanza. Baada ya video, mshereheshaji anapokea ahadi papo hapo. Maana yake hakuna muda wa mtazamaji kwenda nyumbani kutafakari. Kinachomgusa ukumbini ndicho kitakachoandika kiasi kwenye karatasi ya ahadi, na ndiyo maana nusu dakika ile ilininyima usingizi.

Toleo ambalo kamati ililipenda lilikuwa hivi:

PICHA: Uso wa mama, karibu sana. Machozi yanashuka.
SAUTI (msimulizi): Usiku ule mumewe alimuaga kama kawaida. Hakurudi tena. Leo watoto wake wanalala njaa. Je, utanyamaza?

Pembeni kinanda cha taratibu. Tulipoionesha kwenye kikao, mzee mmoja alitoa leso. Mwenyekiti akasema tusiguse kitu. Na hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu ilifanya kazi. Ingekuwa mbovu ningeitupa bila mjadala.

Lakini itazame sentensi kwa sentensi. Watoto hawalali njaa. Mama anaanika dagaa, anauza Mwaloni Kirumba, na watoto wanasoma. Machozi yalikuja kwa sababu aliulizwa ajisikiaje akikumbuka, huku kamera iko shingoni kwake. "Je, utanyamaza?" si swali, ni shitaka, na anayeshitakiwa ni mtu aliyetoka nyumbani kwake Jumamosi kuja kuchangia.

Kubwa kuliko hayo yote: huruma inaelekea kwenye njaa, pesa inaelekea kwenye jaketi. Aliyelia kwa ajili ya watoto wenye njaa ameahidi chakula moyoni mwake, sisi tukamnunulia kitu kingine. Tangu nilipoliona hilo, kipimo changu kimekuwa kimoja: kinachomgusa mtazamaji kiwe kilekile ambacho mchango wake unakwenda kukirekebisha. Kama ni vitu viwili tofauti, tunamchezea akili, hata kama kila picha ni ya kweli.

Kipimo cha pili ni cha kifundi tu. Zima muziki, angalia tena. Lile toleo bila kinanda lilikuwa mama analia na mtu anasoma tangazo. Hisia yote ilikuwa kwenye kinanda.

Mjumbe mwingine akaja na wazo la kuweka picha za MV Nyerere, kivuko kilichozama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 200 wakafariki. Nilikataa palepale. Kile kilikuwa kivuko cha abiria kilichojaza kupita kiasi, sisi tunazungumzia mitumbwi ya dagaa. Halafu ukumbi ni wa Mwanza. Humo ndani hakosi mtu aliyezika kwa ajali ile, na wengine bado wana msiba wa MV Bukoba wa Mei 1996. Kumkumbusha mtu kaburi la ndugu yake ili atoe pesa ya jambo lingine ni kuazima msiba wa watu.

Basi akasema tuweke angalau takwimu za waliozama ziwani, zipite chini ya uso wa mama. Hapa nilikuwa na hoja ya wasomi. Small, Loewenstein na Slovic walichapisha utafiti mwaka 2007: watu walioelezwa habari za mtoto mmoja mwenye jina na picha walitoa zaidi ya waliopewa takwimu za njaa, na takwimu zilipowekwa pamoja na habari ya yule mtoto, michango ilishuka ukilinganisha na mtoto peke yake. Takwimu tumezihamishia kwenye kipeperushi kitakachokuwa mezani. Ila utafiti huohuo unanipa tahadhari: unaonesha kwamba uso mmoja unafungua mifuko, hausemi kwamba mwenye uso ametendewa haki.

Nikarudi Igombe. Siku za mbalamwezi, bila shaka, maana dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wako nchi kavu wakishona nyavu. Ukienda wakati wa giza utakuta watu wamelala mchana kutwa, na atakayekubali kuhojiwa atakujibu kwa kupiga miayo.

Safari hii sikuuliza moyo unasemaje. Nilimwambia, "Mama, nisimulie siku ile kuanzia jioni, walivyopakia mtumbwi." Akaanza kutaja vitu: taa, nyavu, sufuria ya ugali, madumu. Upepo ukageuka usiku, mtumbwi ukaingiza maji. Kisha akasema, kama mtu anayetaja bei sokoni, "Walikuwa wanne. Madumu matupu yalikuwa mawili. Waliorudi ndio waliopata dumu."

Nilinyamaza, na yeye akaendelea kugeuza dagaa.

Video nzima imo kwenye sentensi hizo tatu. Hakuna haja ya msimulizi kueleza kuelea ni nini. Nikamfuata mmoja wa wale wawili, naye akaongeza jambo ambalo nisingelibuni: dumu linaelea vizuri mno, shida ni mikono. Na hesabu inamuunga mkono. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kizibo linabeba karibu kilo 19 juu ya maji. Jaketi okozi la daraja la nyutoni 100, ambalo hutengenezwa kwa maji yaliyotulia au ya karibu na pwani, linabeba kama kilo 10 tu. Dumu linalishinda jaketi karibu mara mbili! Tofauti ni kwamba dumu unalishika wewe, jaketi linakushika wewe. Mikono ikifa ganzi, au ukipigwa na ubao ukazimia, dumu linakwenda zake.

Sasa kipande kinasomeka hivi:

PICHA: Dumu la njano limeegemea ukuta. Mikono inageuza dagaa kwenye chanja.
SAUTI (mama): Walikuwa wanne. Madumu matupu yalikuwa mawili. Waliorudi ndio waliopata dumu.
(Kimya. Sekunde 3.)
PICHA: Mvuvi, ufukweni, anafunga mikanda ya jaketi.
SAUTI (mvuvi): Dumu linaelea vizuri. Mikono ndiyo inachoka.
MAANDISHI: Jaketi okozi 1, Sh 45,000.

Bei ni ile tuliyopewa dukani, na mtumbwi wa watu wanne ni Sh 180,000. Hapo mshereheshaji ana kitu cha kushika: si "toa ulichojaliwa", ni mtumbwi mmoja.

Mwenyekiti alitaka maandishi yaseme "Jaketi moja, uhai mmoja". Linasikika vizuri, nakiri, lakini si kweli, na wavuvi wenyewe wanajua. Mwalo huu uliwahi kupewa majaketi. Yaliishia kukaliwa kama mito, kwa sababu yalikuwa mapana mabegani na ukivuta nyavu yanakukaba. Kwa hiyo nimeongeza mstari mmoja wa mvuvi: "Yale ya zamani tuliyakalia. Haya tumeyajaribu, tunavuta nayo." Kamati iliogopa kwamba ukitaja yaliyoshindikana watu watafunga pochi. Mimi naona kinyume. Mfanyabiashara wa Mwanza aliyewahi kuchangia vitu vikaozea stoo anajiuliza swali hilohilo kimoyomoyo, afadhali ajibiwe na mvuvi. Na wamejaribu kweli: tulinunua sampuli mbili, wakavua nazo, moja wakaikataa.

Kabla ya kufunga nilimpelekea mama video kwenye simu. Alipokubali mara ya kwanza alikuwa amekubali kuhojiwa, hakuwa amekubali matokeo, na hayo ni mambo mawili. Nilimwambia wazi pia kwamba tukisema "ukumbini tu" tunajidanganya, lazima kuna mtu atarekodi skrini na kuiweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Aliangalia na mama mkwe wake, mara mbili. Akasema, "Mwanangu, hapo kwenye dumu paache. Pale mlangoni kwangu paondoe." Sababu yake sikuitegemea: wakiutambua mlango, ndugu na wanaomdai watajua amepata pesa ya harambee, na hatapumua. Mlango umetoka, uso umetoka, jina halipo. Kimebaki sauti na mikono. Kwa kweli kipande kimepata nguvu zaidi, ila hata kingedhoofika mlango ungetoka.

Upande wa vifaa: maiki ya kubana kwenye kola, ile ya bei rahisi ya waya, imenitosha kuliko nilivyodhani, mradi urekodi asubuhi mapema. Jua likishapanda upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu na kila sentensi inakuwa ngurumo. Sifongo peke yake haisaidii, nimeivalisha kipande cha blanketi lenye manyoya. DaVinci Resolve inaisonga laptopu yangu, lakini kwa kusafisha sauti sirudi CapCut. CapCut naiachia maandishi.

Droni ya kuzunguka jiwe la Bismarck nimeifuta kwenye mpango. Ilikuwa ya kupendeza tu, na nusu ya video za Mwanza zinaanza hapo. Badala yake nimeshikwa na wazo jipya: sekunde 8 za mwanzo ziwe skrini nyeusi na sauti ya mtumbwi wa dagaa usiku, kasia na maji, bila neno. Imebidi nisubiri giza nipande nao. Nimevaa jaketi, na ndiyo, linakera shingoni.

Muziki bado tunavutana. Nimewaachia chini ya majina ya mwisho, wao wanautaka tangu sekunde ya kwanza. Jumamosi tunaijaribu ukumbini saa nane mchana, mapazia yakiwa wazi, maana harambee ni mchana na projekta yenyewe mwanga wake hafifu. Maandishi ya bei yasiposomeka kutoka safu ya nyuma, nayakuza yajaze skrini, na picha ya jaketi itabidi ingoje sekunde mbili.