Kumbukumbu ya mradi: sindano ya kipimajoto ichomwe wapi

Wiki hii tumefika kwenye kuku mzima, na hapo ndipo namba zilipoanza kugombana. Kuku wa kisasa wa Shekilango, kilo 1.6 baada ya kusafishwa, oveni nyuzi 180 za Selsiasi. Baada ya dakika 65, kipimajoto kimoja cha dijitali kilitoa namba tatu ndani ya paja lile lile: 81, 75 na 68.

Kifaa chenyewe hakikuwa na kosa. Kilikuwa kimepimwa kwanza kwenye glasi iliyojaa barafu iliyopondwa, maji yakaongezwa hadi kujaza mianya, ikakorogwa na kuachwa dakika chache. Sindano ikiwa katikati, bila kugusa glasi, ilisoma 0. Dar iko usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanayochemka nayo yangefaa, yatasoma karibu 100, ila mvuke unaunguza vidole bure.

Tofauti ilitokana na mahali ilipokaa ncha. Sindano nyingi za dijitali husoma joto kwenye ncha tu, karibu sentimita moja ya mwisho. Tundu la kwenye ngozi si hoja. Hoja ni ncha imeishia wapi. Ile 81 ilikuwa imegusa mfupa, na mfupa haupitishi joto sawa na nyama inayouzunguka. Mkono huhisi: sindano inagota kitu kigumu. Ile 75 ilikuwa imeishia chini tu ya ngozi. Nyama nene ya ndani ilikuwa bado 68, na kuku anatakiwa afike 74.

Njia iliyotuondolea ubishi ni hii. Ingiza sindano upande wa ndani wa paja, pale paja linapokutana na mwili, ukiilaza sambamba na mfupa badala ya kuuelekea. Sukuma mpaka ncha ipite kidogo katikati ya unene wa nyama, kisha irudishe taratibu, nusu sentimita kwa nusu sentimita, ukingoja namba itulie kila mara. Namba itashuka, halafu itaanza kupanda tena. Ile ndogo kuliko zote ndiyo ya kuamini. Kuku huyu alirudi ovenini, na dakika 14 baadaye namba ndogo ya paja ilikuwa 75.

Kidari kipimwe pia. Ingia kutoka upande wa shingo, sindano ikilala sambamba na ubavu, hadi penye nyama nene kabisa. Ukichoma kutoka juu kwenda chini, ncha hutokeza ndani ya tumbo, na hapo unapima hewa na mvuke. Dalili yake ni namba kuruka ghafla wakati mkono umehisi wepesi. Kama tumbo limejazwa wali au viazi, katikati ya hicho kilichojazwa nako kufike 74.

Rangi isikuhangaishe. Kuku mchanga anaweza kubaki na wekundu karibu na mfupa hata akishafika 74, na mwingine akaonekana mweupe kabla hajaiva.

Wenye kipimajoto cha mshale wana tabu zaidi, kwa sababu chuma chake husoma wastani wa sentimita tano au zaidi kuanzia kwenye ncha. Kidari chembamba kichomwe kwa ubavuni ili urefu wote huo uwe ndani ya nyama. Kwenye paja dogo, kwa kweli, hakifai.

Kipande kikubwa cha ng'ombe kisicho na mfupa ni rahisi kuliko kuku: choma kutoka ubavuni hadi katikati, ukikwepa tabaka la mafuta. Kikifika 63, kitoe na ukiache kitulie angalau dakika tatu. Joto la ndani litaendelea kupanda kidogo.

Mkate wa nyama ya kusaga unahitaji 71, kwa kuwa vijidudu vya juu ya nyama huchanganywa hadi ndani wakati wa kusaga. Ukiwa ndani ya kopo lake, choma kwa mshazari kutoka juu, ncha iishie katikati bila kugusa chuma. Usipitie kwenye ufa uliojitokeza juu, maana mafuta ya moto hujikusanya humo.

Makaroni ya kuoka ndiyo yanayodanganya macho. Trei iliyolala kwenye friji ilikuwa inatokota pembeni ikisoma 92, huku katikati, nusu ya kina, ikiwa 51. Ilifunikwa kwa foili isiungue juu, ikarudi ovenini hadi katikati pakafika 74. Pima sehemu mbili tatu za katikati, kwa sababu bonge la nyama au jibini hubaki baridi kuliko jirani yake.

Kila baada ya kipimo cha chini ya lengo, sindano ioshwe kwa maji moto na sabuni. Ncha iliyotoka kwenye chakula cha 51 isirudi hivyo hivyo kwenye kilichoiva.