Tovuti zilikuwa zinafunguka kwa Kiarabu: jinsi nilivyotatua

Nilinunua laptopu iliyotumika, imetoka Dubai. Menyu zote za Chrome zilikuwa kwa Kiingereza, ila karibu kila tovuti ilifunguka kwa Kiarabu, nami niko Dar es Salaam.

Nilijaribu VPN, haikusaidia, maana anwani yangu ya mtandao ilikuwa ya Tanzania tangu mwanzo. Kisha nikaingia google.com/preferences nikaweka "Results region" kuwa Tanzania. Matokeo ya utafutaji yakawa ya huku kwetu, lakini nikibofya tovuti, Kiarabu kilekile.

Kumbe lugha ya menyu na lugha ya tovuti ni vitu viwili. Kivinjari kikiomba ukurasa, hutuma orodha ya lugha unazopendelea, na tovuti nyingi huchukua ya kwanza waliyo nayo. Yangu ilikuwa hivi:

```
Accept-Language: ar,en;q=0.9,sw;q=0.8
```

Nikafungua chrome://settings/languages. Chini ya "Preferred languages" Kiarabu kilikaa juu kabisa. Nilishaongeza Kiswahili siku ya kwanza, lakini lugha mpya huingia mwisho wa orodha. Mpangilio ndio uliokuwa tatizo! Nikabonyeza vitone vitatu pembeni ya Kiswahili, nikachagua "Move to the top", nikaondoa Kiarabu.

Tovuti moja iligoma, kwa kuwa ilikuwa imehifadhi lugha ya zamani kwenye kuki. Nilifuta kuki za tovuti hiyo peke yake, nikaifungua upya, ikaja kwa Kiswahili.